Duka linauzwa "pamoja na stoki": stoki hiyo ni ya shilingi ngapi?

Matangazo ya kuuza maduka hubandikwa kila mahali mjini Kisumu, kwenye milango ya vibanda na kwenye makundi ya simu, na karibu yote yana maneno yale yale: duka linauzwa pamoja na stoki, bei ni kiasi fulani, maelewano yapo. Msomaji akiona "milioni mbili na nusu, stoki ikiwemo", hudhani amepewa bei. Kwa kweli amepewa bei ya kitu ambacho hakijapimwa, na ambacho kitabadilika kila siku hadi siku atakayokabidhiwa funguo. Kesho muuzaji atauza mifuko thelathini ya saruji, keshokutwa ataleta mabati, na juma lijalo huenda asilete chochote kwa sababu moyo wake umeshatoka dukani. Watu wawili waliopeana mikono kwa nia njema hujikuta wakigombana mwezi mmoja baadaye, kila mmoja akiamini kwamba mwenzake amemwibia.

Nimeitwa mara kadhaa kushika kalamu katika hesabu za namna hiyo, na nimeona kwamba wizi wa kweli ni nadra. Ugomvi mwingi hutokana na watu kuhesabu kwanza na kutafuta kanuni baadaye, wakati kila mmoja ameshajua kanuni ipi itamfaa. Makala haya yanaeleza kanuni zinazopaswa kuandikwa kabla, jinsi hesabu ya siku ya makabidhiano inavyofanywa, na jinsi bei inavyorekebishwa baada yake. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: duka la vifaa vya ujenzi, ambalo wengi wetu huliita hadiwea, lililoko Kondele. Muuzaji ni mama anayestaafu na mnunuzi ni kijana aliyekuwa fundi. Tarakimu nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike kwa urahisi, lakini mambo yenyewe ndiyo yanayotokea.

Tuanze na maana za maneno. Stoki ni bidhaa zilizomo dukani kwa ajili ya kuuzwa. Rafu, mizani, mkokoteni na meza ya kaunta si stoki, bali ni vifaa vya kazi. Gudiwili ni malipo ya kile kisichoshikika: mahali penyewe, wateja waliozoea kuja, na jina la duka. Hivi vitatu vinapaswa kutenganishwa kwenye mkataba kwa sababu viwili kati yake havibadiliki kwa siku moja, ilhali stoki hubadilika. Wapo wanaoamini kwamba aliyelipa gudiwili amelipia kila kitu kilicho ndani ya mlango. Si hivyo, isipokuwa mkataba wenyewe umesema hivyo. Katika mfano wetu, gudiwili na vifaa vya kazi vimekubaliwa kuwa shilingi 900,000, na stoki inakadiriwa kuwa shilingi 1,600,000. Hiyo ndiyo milioni mbili na nusu ya tangazo.

Neno "inakadiriwa" ndilo lenye uzito. Mkataba wa mama na kijana unasema kwamba bei ya shilingi 2,500,000 imejengwa juu ya stoki ya shilingi 1,600,000. Hesabu ya siku ya makabidhiano ikionyesha pungufu, bei itashuka shilingi kwa shilingi, na ikionyesha zaidi, bei itapanda vivyo hivyo. Ni kama kununua ng'ombe kwa uzito: mmekubaliana bei ya kila kilo mkiwa nyumbani, lakini kiasi cha kulipa kinajulikana ng'ombe anaposimama juu ya mizani. Wengine hufanya kwa njia nyingine, wakaiacha stoki nje ya bei kabisa na kuandika kwamba italipwa kwa thamani itakayopatikana siku hiyo. Njia zote mbili ni nzuri, ila mimi huipendelea ile ya kwanza kwa mnunuzi mwenye mkopo wa chama au wa benki, kwa sababu inampa kiasi cha kupangia.

Mnunuzi anahitaji kinga moja zaidi, nayo ni kikomo cha juu. Bila kikomo, muuzaji anaweza kuagiza mzigo mkubwa juma la mwisho, na mnunuzi akalazimika kulipia vyoo vya kukaa ishirini ambavyo mtaa ule hauvinunui. Katika mfano wetu kikomo ni shilingi 1,750,000. Stoki ikizidi hapo, kijana atachagua bidhaa anazoziacha, na mama atazichukua.

Bei ipi?

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote, ni kuthamini stoki kwa bei iliyoandikwa rafuni. Bei ya rafuni ina faida ndani yake, na faida hiyo hupatikana pale bidhaa inapouzwa kwa mteja wa mwisho, na yule aliyelipa kodi ya nyumba, aliyesimama kaunta na aliyesubiri. Bidhaa ambayo bado iko rafuni haijaingiza faida yoyote. Mnunuzi wa duka akilipa bei ya rafuni, amejinunulia miezi sita ya kazi isiyo na malipo. Kwa hiyo msingi ni gharama, yaani kile ambacho muuzaji alilipa kuipata bidhaa na kuifikisha dukani. Wahasibu huongeza sharti moja: ikiwa bidhaa haiwezi tena kuuzwa hata kwa gharama yake, basi huthaminiwa kwa kile inachoweza kuleta baada ya kutoa gharama za kuiuza. Kati ya hizo mbili, huchukuliwa iliyo ndogo.

Ugumu huja pale ambapo ankara za manunuzi hazionekani, jambo la kawaida katika maduka yetu. Hapo watu huchukua bei ya rafuni na "kutoa faida". Njia hii inakubalika, ila ina mtego ambao nimeona ukiwanasa hata watu waliosoma. Mama anasema kwamba kwa wastani yeye huongeza asilimia 25. Anamaanisha kwamba kitu alichokinunua kwa shilingi 800 hukiuza kwa shilingi 1,000, kwa kuwa robo ya 800 ni 200. Kijana akisikia asilimia 25, anachukua bei ya rafuni ya shilingi 1,000 na kuipunguza asilimia 25, anapata shilingi 750. Amemnyang'anya mama shilingi 50 katika kila elfu bila kukusudia. Nyongeza ya asilimia 25 juu ya gharama ni sawa na faida ya asilimia 20 ya bei ya kuuzia, kwa sababu shilingi 200 ni robo ya 800 lakini ni sehemu moja ya tano ya 1,000. Njia salama ni kugawanya bei ya rafuni kwa 1.25. Duka la mama lilikuwa na bidhaa za shilingi 2,000,000 kwa bei za rafuni. Ukigawanya kwa 1.25 unapata shilingi 1,600,000, ambayo ndiyo makadirio yaliyoingia kwenye mkataba. Ukipunguza asilimia 25 unapata shilingi 1,500,000. Shilingi laki moja nzima zingepotea kwa kutoelewana juu ya maana ya neno moja.

Wastani kama huo unatosha kwa makadirio ya mwanzo tu. Saruji na mabati huongezwa kidogo kwa sababu kila duka linayo, ilhali kufuli, bawaba na koki za maji huongezwa zaidi. Siku ya makabidhiano kila bidhaa kubwa inapaswa kuwa na gharama yake yenyewe kutoka kwenye ankara, na wastani ubaki kwa vitu vidogo vidogo.

Swali linalofuata ni ankara ipi. Bati aina ile ile lilinunuliwa kwa shilingi 700 mwezi wa pili na kwa shilingi 750 mwezi wa tano, na yote yamelaliana kwenye rundo moja. Mama angependa bei mpya, kijana angependa ya zamani, na kila mmoja ana hoja. Kwa duka dogo nashauri kanuni moja iliyo rahisi kuthibitishwa, yaani bei ya ankara ya mwisho ya bidhaa hiyo, mradi ankara hiyo iwe ya kabla ya siku mkataba ulipotiwa sahihi au, kwa manunuzi ya baadaye, iwe ya kiasi cha kawaida cha duka hilo. Kwa sababu bidhaa za zamani kwa kawaida ndizo zinazouzwa kwanza, na zilizobaki ni za karibuni, kanuni hiyo haiko mbali na ukweli. Lililo muhimu ni kwamba inaandikwa kabla ya mtu yeyote kujua itampendelea nani.

Hapa lazima nitaje kodi ya ongezeko la thamani, ile watu huiita VAT, ambayo kwa bidhaa nyingi za hadiwea ni asilimia 16. Misumari ya shilingi 10,000 hufika dukani ikiwa na ankara ya shilingi 11,600. Ikiwa muuzaji amesajiliwa kwa kodi hiyo, zile shilingi 1,600 alizidai alipowasilisha ritani zake, kwa hiyo gharama yake ya kweli ni shilingi 10,000. Akimwandikia mnunuzi shilingi 11,600 kuwa gharama, amerudishiwa kodi mara mbili. Muuzaji ambaye hajasajiliwa hakuweza kuidai, na kwake gharama ni shilingi 11,600 kamili. Mkataba useme wazi kama gharama ni pamoja na kodi au bila kodi, na namna kodi yenyewe inavyohusu uuzaji wa duka zima aulizwe mhasibu kabla ya sahihi kutiwa. Katika mfano wetu mama amesajiliwa, na gharama zote ninazotaja ni bila kodi.

Kisichohesabiwa

Duka lililojaa hadi dari humvutia mnunuzi, naye huamini kwamba kila alionalo ni mali ya muuzaji. Katika hadiwea za huku kwetu hilo ni kosa la gharama kubwa, kwa sababu sehemu ya bidhaa zilizomo dukani tayari ni za watu wengine.

Kwanza kuna mali iliyolipiwa na kuachwa. Mtu anayejenga kijijini, tuseme Seme au Nyakach, hununua mabati mshahara unapofika, kisha anayaacha dukani hadi fundi amalize kuta. Mabati hayo yamelipiwa, lakini yako pale pale, hayana alama yoyote, na rundo lake limechanganyika na la duka. Yakihesabiwa kama stoki, kijana atamlipa mama gharama yake, halafu baada ya wiki mbili mwenyewe atakuja na risiti yake na kuyachukua. Kijana atakuwa amelipia bati ambalo halitamletea hata senti moja. Mali hiyo hutolewa kwenye hesabu yote kabisa, huwekwa pembeni, huandikwa kwenye orodha yake yenye jina la mteja na namba ya risiti, na mnunuzi hutia sahihi kwamba ameipokea kama amana ya kumkabidhi mwenyewe.

Pili kuna wanaolipa mdogo mdogo. Hapa bidhaa bado ni ya duka, lakini sehemu ya bei imeshaingia mfukoni mwa muuzaji. Tuseme mteja anataka mabati 40 kwa shilingi 850 kila moja, jumla shilingi 34,000, na ameshalipa shilingi 20,000. Gharama ya mabati hayo ni shilingi 30,000. Yanahesabiwa kwenye stoki kwa shilingi 30,000, lakini zile shilingi 20,000 zinaondolewa kwenye bei ya duka kama deni ambalo mnunuzi amelichukua. Mnunuzi atakuwa amelipa shilingi 10,000 halisi, mteja atamaliza shilingi 14,000 zilizobaki, na kijana atapata shilingi 4,000, ambayo ndiyo tofauti ya 34,000 na 30,000. Kila mtu amepata haki yake. Deni hilo lisipotajwa, kijana atapokea shilingi 14,000 kwa mali aliyoilipia 30,000.

Tatu kuna bidhaa ambazo msambazaji ameziacha kwa makubaliano kwamba atalipwa zikiuzwa. Matangi ya plastiki ya maji mara nyingi huwekwa hivyo mbele ya duka. Hayo si ya muuzaji na hawezi kuyauza pamoja na duka. Hili lisichanganywe na mali iliyonunuliwa kwa mkopo wa kawaida, ambayo ni ya muuzaji ingawa anadaiwa. Kuhusu madeni kama hayo, Sheria ya Uhamishaji wa Biashara, ambayo ni Sura ya 500 ya sheria za Kenya, inataka ilani ya uhamisho itangazwe, ikiwa ni pamoja na kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na mnunuzi asiyehakikisha ilani hiyo imetolewa anaweza kujikuta akidaiwa madeni ya biashara ambayo hakuyafanya yeye. Wakili ndiye wa kuishughulikia, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na deni la msambazaji mmoja wa nondo.

Baada ya hizo tatu hubaki mali ambayo ni ya muuzaji kweli, lakini imeharibika au imechoka. Saruji ndiyo mfano ulio wazi. Hewa ya Kisumu ina unyevunyevu wa ziwa, na mfuko ulioegemezwa ukutani au kulazwa sakafuni bila mbao hunyonya maji hata kama haujafunguliwa. Baada ya miezi mitatu hivi nguvu yake huwa imeshapungua. Kubonyeza pembe ya mfuko hakutoshi, kwa kuwa mfuko uliokandamizwa na rundo huwa mgumu pembeni bila kuganda. Ufungue, chukua bonge, ulisage kwa vidole. Likivunjika na kuwa unga, saruji bado ina uhai. Likibaki kama kokoto, imeganda na thamani yake ni sufuri. Rangi iliyokwisha kuchanganywa kwa ajili ya mteja ambaye hakurudi ni tatizo jingine: kopo ni zima, rangi ni nzima, lakini ni nani atakayetaka zambarau ile ile? Hapa ndipo maneno makali husikika. "Kijana wangu, hiyo rangi niliinunua kwa pesa yangu, sikuokota barabarani," mama atasema, na ni kweli. Lakini swali si kama aliilipia, bali kama itauzika. Nashauri kanuni ya muda: bidhaa ambayo haijauzwa hata moja katika miezi kumi na miwili hulipwa nusu ya gharama, na mama akiona nusu ni dhuluma, ana haki ya kuichukua mwenyewe na kuiuza.

Kanuni hiyo peke yake haitoshi kutibu ujanja mmoja zaidi. Muuzaji anaweza kufikisha stoki ya shilingi 1,600,000 sawasawa, lakini akawa ameacha kununua saruji, nondo na misumari kwa miezi miwili, na kujaza pengo kwa vitu vilivyolala. Jumla inalingana, ilhali duka halina kitu kinachouzika Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo mkataba utaje bidhaa tano au sita zinazotoka haraka na kiwango cha chini cha kila moja siku ya makabidhiano.

Siku yenyewe

Hesabu hufanywa duka likiwa limefungwa. Wengi huchagua Jumapili, na wenye kushika Sabato huchagua Jumamosi jioni baada ya jua kutua hadi usiku. Duka likiendelea kuuza huku watu wanahesabu, hakuna namba itakayosimama.

Kazi ya kwanza ni kuchora mstari wa kukatia. Wote wawili wanaangalia namba ya risiti ya mwisho iliyotolewa na namba ya hati ya mwisho ya kupokelea mizigo, wanaziandika na kutia sahihi. Kilichouzwa kwa risiti iliyotangulia mstari ni mauzo ya mama, hata kama mteja hajakibeba, na kwa hiyo hakihesabiwi. Mzigo ulioagizwa Ijumaa lakini ukashushwa Jumatatu hauhesabiwi pia, na kijana ndiye atakayeulipia kwa msambazaji. Namba ya till ya mama huacha kutumika kwenye mstari huo huo, la sivyo pesa za Jumatatu zitaendelea kuingia kwake kwa wiki nzima.

Kisha watu wanapangwa wawili wawili, mmoja wa upande wa muuzaji na mmoja wa upande wa mnunuzi. Mmoja anagusa na kutaja kwa sauti, mwingine anaandika. Karatasi zina namba za kurasa zilizoandikwa kabla, na zina nafasi ya jina la bidhaa, kipimo na idadi. Hazina nafasi ya bei, wala hazina idadi inayotarajiwa. Mwenye kompyuta au daftari huuliza kwa nini msihesabu kutoka kwenye orodha aliyo nayo. Sababu ni kwamba mtu aliyeona kwamba panatakiwa kuwa na koki 48 ataziona 48 hata zikiwa 45. Kompyuta inajua kilichoingizwa ndani yake tu. Haijui kilichoibwa, kilichovunjika, wala kilichochukuliwa na shemeji kwa ahadi ya kulipa. Orodha yake ni ya kulinganishia baadaye. Anayekosea kuandika anakata kwa mstari mmoja na wote wanatia sahihi pembeni, bila kufuta, na kila ukurasa ukijaa unasainiwa pale pale.

Rafu iliyomalizika inabandikwa karatasi ya rangi ili isihesabiwe mara mbili. Rundo la saruji lisihesabiwe kwa kuzidisha safu kwa urefu peke yake, kwa sababu nimewahi kukuta rundo lenye shimo katikati, ambapo mifuko ilikuwa imechukuliwa kutoka upande wa ukuta. Mtu apande juu na kuangalia. Misumari iliyofunguliwa hupimwa kwa mizani, uzito wa ndoo ukitolewa. Waya wa umeme uliokatwa hauhitaji kutandazwa uani: ikiwa roli nzima ya mita 100 ina uzito wa kilo 3, na kipande cha waya aina hiyo hiyo kina kilo 1.2, basi kimebaki takriban mita 40. Vitu vidogo vya thamani ndogo sana, kama skrubu zilizomwagika kwenye masanduku, wakubaliane bei ya jumla kwa sanduku na waendelee. Nimeona saa mbili zikipotea juu ya washa za shilingi mia tatu wakati nondo nje hazijaguswa.

Mwishoni watu hubadilishana sehemu na kurudia mstari mmoja katika kila kumi, nusu kwa kuanzia kwenye karatasi kwenda rafuni, na nusu kwa kuanzia rafuni kwenda kwenye karatasi. Njia ya kwanza hugundua kilichoandikwa na hakipo, ya pili hugundua kilichopo na hakikuandikwa. Sehemu ikikosea mara mbili au tatu, inahesabiwa upya yote.

Jinsi bei inavyorekebishwa

Katika duka la Kondele, idadi zote zilipozidishwa kwa gharama za ankara, jumla ilikuwa shilingi 1,655,000. Mama alifurahi, kwani ilionekana kwamba stoki imezidi makadirio. Kisha ikaja kazi ya kutoa. Mabati na saruji ambavyo wateja walikuwa wameshavilipia vyote, gharama yake ilikuwa shilingi 74,000, vikatolewa. Matangi sita ya msambazaji, kila moja shilingi 9,000, yaani shilingi 54,000, yakatolewa. Mifuko 18 ya saruji ilikuwa imeganda, na kwa gharama ya shilingi 700 kila mmoja ikawa shilingi 12,600. Rangi na vitu vingine ambavyo havikuuzwa kwa mwaka mzima vilikuwa na gharama ya shilingi 46,000, na nusu yake, shilingi 23,000, ikatolewa. Jumla ya yaliyotolewa ni shilingi 163,600, na stoki ikabaki shilingi 1,491,400.

Kiasi hicho kiko chini ya kikomo, kwa hiyo kijana hana cha kukataa. Kiko chini ya makadirio ya shilingi 1,600,000 kwa shilingi 108,600, na bei ikashuka kwa kiasi hicho hadi shilingi 2,391,400. Kisha zikatolewa shilingi 20,000 za yule mteja wa mabati 40 anayelipa mdogo mdogo, na bei ya mwisho ikawa shilingi 2,371,400.

Marekebisho kama haya hayana maana ikiwa pesa zote zimeshalipwa. Muuzaji aliyepokea milioni mbili na nusu Ijumaa na kulipia karo za watoto Jumamosi hatarudisha shilingi 128,600 Jumatatu, hata akiwa mwaminifu. Kwa sababu hiyo malipo yaligawanywa tangu mwanzo: amana ya shilingi 250,000 siku ya kutia sahihi, shilingi 1,950,000 siku ya makabidhiano, na shilingi 300,000 zilizobaki zikashikiliwa na wakili kwenye akaunti ya wateja wake hadi hesabu ya stoki ikubaliwe kwa maandishi. Kiasi cha kushikilia kikadiriwe kutokana na ukubwa wa stoki na ubora wa kumbukumbu za duka: penye ankara zote, sehemu moja ya kumi ya stoki inaweza kutosha, lakini penye daftari lililochanika, sehemu moja ya tano si nyingi. Mama naye analindwa na mpango huo huo, maana hesabu ingeonyesha ziada, kijana angelazimika kuiongeza ndani ya siku saba, na funguo za ghala la nyuma zingebaki kwa mama hadi kijana afanye hivyo.

Jambo moja lilibaki na ubishi. Mama alisema mifuko sita kati ya ile 18 ya saruji ilikuwa na mabonge yanayosagika, na kijana hakukubali. Mkataba wao ulisema kwamba mstari wenye mgogoro tu ndio unaopelekwa kwa mtu wa tatu waliyemkubali kabla, mhasibu au fundi mkongwe, na kwamba ada yake inagawanywa nusu kwa nusu, huku mistari mingine yote ikilipwa bila kusubiri. Mifuko sita ni shilingi 4,200, na ada ya mtu wa tatu ingezidi hapo. Walifungua mifuko hiyo sita mbele ya kila mtu, minne ikawa imeganda na miwili ikawa mizima, shilingi 1,400 zikarudi upande wa mama, na bei ikawa shilingi 2,372,800. Wakili akamlipa kijana shilingi 127,200 kutoka kwenye zile laki tatu, mama akapata shilingi 172,800, na wote wakatia sahihi kwenye ukurasa wa mwisho wa hesabu kabla ya ufunguo wa ghala kutolewa.